Kutoka Kwata hadi Zoezi A: Historia ya Maneno ya Kufundishia Mbio Fupi Mbarara na Nakivale

Ikisiri

Makala hii inachunguza maneno ya Kiswahili ambayo mwalimu wa riadha anayafikia anapofundisha mbio fupi kwa mazoezi ya kutembea kwa goti la juu na ya kurukaruka. Eneo la rejea ni mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba mazoezi hayo, yenye asili ya Poland, yalikuta eneo hili likiwa tayari na mwendo mwingine unaofanana nayo kwa macho, yaani kwata ya askari, pamoja na msamiati wake wa Kiswahili. Miendo hiyo miwili inatofautiana katika mambo matatu yanayoamua kasi: mkono, goti na wayo. Mwalimu anayetumia maneno ya kwata bila kuyachuja humfundisha mwanafunzi kujifunga breki. Makala inaeleza historia ya msamiati huo, inaonyesha mahali unapokosea, na inapendekeza maneno mbadala kwa kufuata kipindi kimoja cha mazoezi.

1. Utangulizi

Mwaka 2009 jijini Berlin, Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, na katika mbio hizo alipiga hatua 41. Tukigawanya, tunapata zaidi kidogo ya hatua nne kwa kila sekunde. Mkimbiaji wa kiwango hicho akifikia kasi yake ya juu, kila wayo hugusa ardhi kwa muda usiozidi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika muda huo hakuna nafasi ya kufikiri, wala ya kusikia neno la mwalimu na kulitii. Yote ambayo mwili unafanya pale chini lazima uwe umejifunza kabla, kwa mwendo wa polepole unaoruhusu maneno kuingia.

Ndiyo maana ufundi wa mbio fupi hufundishwa kwa ngazi. Kwanza mwanafunzi hutembea akiinua goti kwa kila hatua. Kisha hufanya mwendo ule ule akiongeza mruko mdogo katika kila hatua. Mwisho huukimbia. Katika kila ngazi mwalimu hutamka maneno machache mafupi ya kuelekeza, ambayo katika makala hii tutayaita maneno elekezi. Yakiwa mazuri, mwanafunzi hubaki nayo masikioni hata anapokimbia peke yake. Yakiwa mabaya, hubaki nayo vilevile.

Mtaalamu wa lugha ana la kusema hapa, kwa sababu neno elekezi haliji uwanjani likiwa tupu. Huja na mahali lilikozaliwa, na mara nyingi huja na mwendo wa mwili uliokuwa ukiandamana nalo huko. Kwa Kiswahili cha Uganda, mahali hapo kwa sehemu kubwa ni kambi ya askari.

2. Kiswahili cha kwata

Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, na batalioni yake ya nne ilikuwa ya Uganda. Askari wake walitoka katika makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kambini. Polisi nao walifuata njia hiyo hiyo. Shuleni mambo yalikuwa tofauti: jaribio la serikali ya kikoloni la kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya elimu lilipingwa vikali, hasa Buganda. Matokeo yake yanajulikana kwa kila anayesoma historia ya lugha yetu. Kwa Waganda wengi wa karne ya 20, Kiswahili hakikuja kwa chaki na ubao. Kilikuja kwa amri. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, tangazo hilo lilikitia muhuri wa kambi badala ya kukitoa humo.

Mbarara ni mfano wa wazi wa historia hiyo. Ni mji wa Wanyankore, ambao lugha yao ni Runyankore, lakini pia ni mji wa kambi. Enzi za Amin batalioni ya Simba ilikuwa hapo, na mnamo Septemba 1972 kambi hiyo ilishambuliwa na Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania. Baada ya mwaka 1986 Kiswahili kilipata tawi jingine la aina hiyo hiyo. Serikali mpya ya NRM iliendesha mafunzo ya siasa yaliyochanganywa na mazoezi ya kijeshi, nayo yalijulikana nchini kote kwa jina la chaka-mchaka. Jina hilo limetokana na mchakamchaka, ule mwendo wa kukimbia polepole kwa pamoja huku watu wakiimba, ambao kila aliyesoma Tanzania anaujua. Sauti ya neno lenyewe ni mlio wa miguu mingi inayoburuzwa chini.

Tuuangalie mwendo wa kwata kwa jicho la mwalimu wa riadha. Katika kwata ya asili ya Kiingereza, iliyorithiwa na majeshi ya Afrika Mashariki, askari hutembea kiasi cha hatua 120 kwa dakika, yaani mbili kwa sekunde. Mkono wake umenyooka, ukipigwa mbele na nyuma kutoka begani. Kisigino ndicho kinachotangulia kugusa ardhi. Anapotakiwa kukanyaga papo hapo bila kusonga, huinua goti hadi paja lilale sambamba na ardhi, ncha ya wayo ikining'inia chini, mikono ikiwa imebanwa ubavuni; kisha huushusha mguu kwa kishindo. Lugha nayo inaafiki. Kwa Kiswahili hatusemi kufanya kwata, tunasema kupiga kwata. Uzuri wa kwata ni mlio wake: miguu mia moja isikike kama mmoja.

Mtoto wa shule mjini Mbarara hukutana na mwendo huo katika gwaride la sikukuu za taifa, kwa hesabu ya lefti-raiti. Hivyo siku mwalimu wa riadha anapomwambia atembee akiinua magoti, mwili wake tayari una jibu. Jibu hilo ni kwata.

3. Zoezi lililotoka Poland

Mazoezi ambayo leo walimu wa riadha duniani huyaita kwa herufi A, B na C yaliandaliwa na Gerard Mach. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa mita 400 na aliiwakilisha Poland katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Baadaye alikuwa kocha wa wakimbiaji wa mbio fupi wa nchi yake katika kipindi ambacho Poland ilikuwa miongoni mwa mataifa makubwa ya mbio hizo barani Ulaya, na katika miaka ya 1970 alihamia Kanada. Kutoka huko mazoezi yake yalisambaa katika nchi zinazotumia Kiingereza, na kupitia kozi za makocha yakafika Afrika.

Wazo la Mach lilikuwa kuvunja mwendo wa mkimbiaji vipande vipande. Zoezi A linachukua kipande cha kuinua goti na kurudisha wayo ardhini. Linafanywa kwa kutembea, kisha kwa kurukaruka, kisha kwa kukimbia. Zoezi B linaongeza kunyoosha mguu mbele kabla ya kuushusha. Katika makala hii tunabaki na zoezi A peke yake, kwa kuwa ndilo linaloanza na ndilo linalogongana na kwata.

Kuna jambo moja katika historia ya zoezi hili ambalo husahaulika. Mach aliyakusudia mazoezi yake zaidi kujenga nguvu na ustahimilivu wa misuli ya kukimbilia katika mikao inayofanana na ya mbio. Waliomfuata ndio waliyageuza kuwa somo la ufundi, kana kwamba anayefanya zoezi A vizuri lazima atakimbia vizuri. Tutalirudia jambo hili tutakapozungumzia mipaka.

Uganda yenyewe ilikuwa imeonja ubora wa dunia katika mbio za kasi kabla mazoezi hayo hayajaenea. John Akii-Bua, askari polisi aliyenolewa na kocha Malcolm Arnold kutoka Uingereza, alishinda mita 400 za viunzi mjini Munich tarehe 2 Septemba 1972 kwa sekunde 47.82, na kuwa mtu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Aliweza kuvuka kiunzi kwa mguu wowote, wa kushoto au wa kulia. Mwaka 1979 utawala wa Amin ulipoanguka, Akii-Bua alikimbilia Kenya na kuwekwa katika kambi ya wakimbizi. Katika maisha ya mtu huyo mmoja, uwanja wa polisi na kambi ya wakimbizi, ambayo ndiyo mazingira mawili ya makala hii, vilikutana.

4. Nakivale na masikio yake

Makazi ya Nakivale yako wilayani Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilo. Yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda. Leo wanaishi humo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo. Kiswahili kinasikika sokoni, kanisani na uwanjani, lakini si kile cha kambi ya Mbarara. Wengi wamekuja nacho kutoka Kivu, ambako ni lugha ya nyumbani na ya biashara.

Kwa hiyo neno lile lile linaingia katika masikio mawili. Kwa mtoto wa Mbarara, Kiswahili cha amri ni lugha ya watu wenye sare, naye hukakamaa anapokisikia. Kwa mtoto wa Nakivale, Kiswahili ni lugha ya mama yake na jirani yake, lakini amri inayopigwa kwa sauti ya gwaride inaweza kumkumbusha watu waliomfanya akimbie. Kuna watoto ambao kwao neno kimbia lilisemwa mara ya kwanza usiku, na halikuhusu mchezo. Mwalimu hahitaji kuulizia habari hizo. Anachohitaji ni kujua kwamba mwili uliokakamaa haukimbii kwa kasi: bega linapopanda kuelekea sikioni, mkono hufungwa, na mkono uliofungwa hufunga mguu wa upande wa pili.

Kuna tatizo jingine, nalo ni la msamiati mtupu. Kwa Kiswahili, mguu ni kiungo chote kuanzia pajani hadi vidoleni, na mkono ni chote kuanzia begani hadi kwenye kucha. Kinyarwanda na Kirundi hutenganisha ukuguru na ikirenge, yaani mguu na wayo; Runyankore nayo ina okuguru na ekigyere. Kiswahili kina wayo, lakini katika mazungumzo ya kila siku neno hilo halitumiki sana, na wengi hulijua zaidi kwa maana ya alama iliyoachwa ardhini. Mwalimu akisema “inua mguu”, mwanafunzi mmoja atainua goti mbele, wa pili atapeleka kisigino nyuma, na wa tatu atatupa muundi mbele kama anayepiga mpira. Wote watatu wametii.

5. Mkono, goti, wayo

Sasa tunaweza kulinganisha kwata na zoezi A kiungo kwa kiungo.

Tuanze na mkono. Katika mbio fupi mkono umekunjwa kwenye kiwiko kwa pembe inayokaribia mraba. Kiganja husafiri kutoka usawa wa nyonga hadi usawa wa kidevu, na pembe hufunguka kidogo mkono unapokwenda nyuma. Kazi kubwa iko katika kwenda nyuma. Kurudi mbele hutokea karibu kwenyewe, kwa kunyumbuka kwa bega. Neno lililorithiwa, “piga mikono”, huleta mkono ulionyooka wa gwaride, au mikono inayokatiza mbele ya kidari kama ya mtu anayefukuza nyuki. Neno linalofaa litaje kiwiko na litaje upande: “kiwiko nyuma”. Dalili ya kosa huonekana kwa kusimama mbele ya mwanafunzi. Ngumi ikivuka mstari wa kitovu, mwili mzima unajipindua kushoto na kulia, na nguvu inakwenda pembeni badala ya mbele.

Goti linapotosha zaidi, kwa sababu hapa kwata na zoezi A vinafanana kwa urefu: katika vyote viwili paja hufika karibu sambamba na ardhi. Tofauti iko chini ya goti. Askari huacha ncha ya wayo ining'inie. Mkimbiaji huivuta juu kuelekea kwenye muundi, kisigino kikiwa chini ya paja. Ncha iliyoning'inia hutangulia kushuka na wayo huchelewa. Ncha iliyovutwa huuweka wayo tayari kukanyaga. Neno “goti juu” peke yake halitoshi, na likitiliwa mkazo huzaa kosa jipya: mwanafunzi hulegea nyuma ili goti lionekane liko juu zaidi. Mtazame kwa upande. Bega likiwa nyuma ya nyonga, goti hilo limekopwa kutoka mgongoni. Afadhali kusema “simama mrefu”, kisha “ncha juu”.

Wayo ndio wenye madhara makubwa. Kwata inautaka utue mbele ya mwili, kwa kisigino na kwa kishindo. Katika mbio, wayo unaotua mbali mbele ya nyonga ni breki, kwa kuwa ardhi inamsukuma mkimbiaji nyuma kila anapokanyaga. Unatakiwa kutua kwa sehemu yake ya mbele, karibu na mstari wa nyonga, ukiwa tayari unasafiri kurudi nyuma. Ndiyo sababu neno “piga” ni la hatari hapa kuliko mahali pengine popote. Kupiga hukamilika pale kinachopigwa kinapoguswa, na mguu uliokwisha kazi yake unapogusa ardhi umeishia pale. Kitenzi cha mbio ni kile kinachoendelea baada ya kugusa: “sukuma ardhi nyuma”.

Uchaguzi huu una msingi nje ya isimu pia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Gabriele Wulf na watafiti wenzake wameonyesha mara nyingi kwamba mtu hujifunza mwendo vizuri zaidi anapoelekezwa kwenye athari ya mwendo huo nje ya mwili kuliko anapoelekezwa kwenye kiungo chake. “Sukuma ardhi” ni la aina ya kwanza. “Nyoosha paja” ni la aina ya pili. Inafaa, basi, kutaja kiungo mara moja wakati wa kuonyesha, na baada ya hapo kuitaja ardhi.

6. Kipindi kimoja kwa mfano

Tuseme mwalimu yuko katika kiwanja cha udongo huko Nakivale, akiwa na msichana wa miaka 15 anayekimbia peku. Kabla ya yote anaokota mawe na kupima mstari wa mita 30. Baada ya kupasha mwili joto kwa dakika kumi hivi, anamwacha akimbie mstari huo mara moja kwa kasi, bila kumwambia lolote, kisha anakwenda kusoma udongo. Kiwanja kisicho na tatani kina faida hii moja, kwamba kinaandika. Anakuta shimo la kisigino katika kila wayo, na vumbi lililosukumwa mbele ya alama. Msichana huyu anakimbia kwa bidii huku akijizuia.

Wanaanza na mikono, akiwa amesimama. Kwa sekunde kumi anapeleka viwiko nyuma, kwanza polepole, kisha kwa kasi, mara tatu, akipumzika katikati. Mwalimu anatumia neno moja tu, “nyuma”, na analitamka kwa sauti ya mazungumzo.

Kisha wanatembea zoezi A kwa mita 15, mara tatu. Kila hatua ina kituo kifupi: goti limefika, ncha iko juu, mguu wa chini umenyooka na kisigino chake kimeinuka kidogo. Mwendo si wa mbele sana. Hatua ni fupi kuliko urefu wa nyayo mbili. Katika mzunguko wa kwanza kwata inajitokeza yenyewe: mikono inanyooka na wayo unashuka kwa kishindo. Mwalimu hamkemei. Anambadilishia hesabu. Badala ya lefti-raiti, ambayo mkazo wake uko pale mguu unapotua, anahesabu “juu, juu, juu”, mkazo ukiwa pale goti linapofika. Kishindo kinapungua kwa sababu sikio halikingojei tena.

Ngazi ya tatu ni kurukaruka, mita 20 mara tatu. Mdundo wa kutembea ni mmoja-mmoja. Wa kurukaruka ni wawili-wawili, kwa kuwa wayo ule ule hugusa mara mbili kabla ya kumpisha mwenzake: kushoto-kushoto, kulia-kulia. Aliyewahi kucheza kamba hushika mdundo huo upesi, na hapo mchezo wa watoto unakuwa mwalimu bora kuliko gwaride, maana kamba haimruhusu mtu kutua kwa kisigino. Mwalimu anafumba macho na kusikiliza. Mguso mzuri unalia “ta”, mfupi na mkavu. Wayo mzima ukibamizwa unalia “paa”. Kosa la kawaida hapa ni mwanafunzi kuruka mbali kwenda mbele, kana kwamba anashindana. Mguu unarudi kutua mbele ya mwili na kosa lile la mwanzo linaingia kwa mlango wa nyuma. Dawa yake ni “chini yako”, pamoja na mistari iliyochorwa udongoni kwa kukaribiana.

Mwisho anarukaruka mita 10 na bila kusimama anaachia mbio kwa mita 20, mara nne, akipumzika dakika mbili au tatu kila mara. Katika mbio hizi neno ni moja tu, “sukuma”. Mwalimu anasoma udongo tena. Kama shimo la kisigino limekuwa jepesi na vumbi limekaa nyuma ya alama, kuna kilichoingia. Mlio ukianza kurefuka kutoka “ta” kwenda “paa”, msichana amechoka, na kipindi kinafungwa hata kama mara nne hazijatimia. Anayeendelea baada ya hapo anafundisha uchovu.

7. Mipaka

Zoezi A si mbio. Linafanywa karibu na mahali pamoja, wakati mbio zinakwenda mbele; na hata likifanywa kwa kasi, mguso wake wa ardhi ni mrefu kuliko wa mkimbiaji aliyefikia kasi yake ya juu. Wapo wanaofanya zoezi A kwa umaridadi kamili na kukimbia vilevile kama jana. Hapa ndipo kusudio la Mach linapopaswa kukumbukwa: zoezi hujenga misuli na kuonyesha mkao, lakini linalohamisha mkao huo kwenye kasi ni kukimbia kwenyewe. Ndiyo maana katika mfano wetu kila kurukaruka kwa mwisho kunamalizikia katika mbio, wala hakusimami peke yake.

Maneno nayo yana mpaka. Kuna makosa ambayo hayatokani na kutoelewa. Mwanafunzi asiye na nguvu za kutosha kwenye kifundo cha mguu atatua kwa kisigino hata akielekezwa kwa lugha bora kiasi gani, na mwenye maumivu ya muundi hahitaji neno jipya, anahitaji kupumzishwa. Njia rahisi ya kutenganisha mambo haya ni kumtaka aonyeshe mkao akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Akiweza kusimama hivyo bila kuyumba lakini akashindwa anapotembea, tatizo ni la mdundo au la neno. Akishindwa hata kusimama, tatizo ni la mwili.

Aidha, tusiitupe kwata yote. Imewapa watoto wa Mbarara utaratibu wa kushoto na kulia, paja linalofika juu na uzoefu wa kutembea kwa hesabu. Hayo ni mtaji. Kinachobadilishwa ni vitu vitatu tu: mkono ukunjwe, ncha ya wayo ivutwe juu, na kutua kwa wayo kuanzishe msukumo badala ya kuumaliza.

8. Hitimisho

Mnamo mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Mjadala uliofuata umejikita katika vitabu na walimu wa darasani. Uwanja wa michezo haukutajwa sana, ingawa huko Kiswahili kimekuwa kikifundisha miili ya watu kwa zaidi ya karne moja. Kama historia hii inavyoonyesha, kilichofundishwa kilikuwa mwendo wa askari, na msamiati uliobaki umekaa katika umbo la mwendo huo.

Kazi ya watunga istilahi, basi, haiishii katika kutafuta majina ya mazoezi. Jina la zoezi A laweza kubaki herufi, kama lilivyo duniani kote. Kinachohitaji kazi ni vitenzi: nyuma badala ya piga, ncha juu badala ya inua mguu, sukuma badala ya kanyaga. Kila kimoja kijaribiwe uwanjani, kwa masikio ya Mbarara na ya Nakivale pia, na kihukumiwe kwa kile kinachoachwa na wayo katika udongo.